Uchambuzi: Kwa nini bima hukatika ilhali kampuni inaendelea kupokea fedha

Katika mpaka wa Kenya na Uganda, mtu anaweza kulala upande mmoja na kufanya biashara upande wa pili bila kuona ajabu yoyote. Wasamia na Wateso wana jamaa zao pande zote mbili, mji wa Busia wenyewe umegawanywa na mpaka, na kutoka Malaba hadi Tororo ni safari fupi ya barabara. Tangu kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji cha Busia kizinduliwe rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, msafiri hukaguliwa mara moja pale ambapo zamani alikaguliwa mara mbili.

Hata hivyo, mkataba wa bima hauvuki mpaka kwa wepesi huo. Unabaki chini ya sheria ya nchi ulikoandikwa, unadai ada kwa sarafu ya nchi hiyo, na unahesabu siku zake bila kujali mwenye bima yuko upande gani. Ndiyo maana miongoni mwa wakaazi wa mpakani wako wanaogundua kwamba bima zao zimekatika ingawa hawakuacha kulipa hata mwezi mmoja. Kisa chake kwa kawaida kimeandikwa kwenye taarifa ya malipo, ile karatasi au ujumbe ambao kampuni humtumia mteja wake, lakini kimeandikwa kwa namna ambayo macho huipita haraka.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na nchini Kenya lugha hii ni rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Lakini taarifa za bima katika nchi zote mbili kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wahasibu. Mistari michache tu kati ya mingi iliyomo ndiyo inayoamua kama familia italipwa au haitalipwa.

Mstari unaobeba uzito wote

Taarifa ya bima ya maisha, au ya bima ya elimu ambayo ni aina mojawapo ya bima ya maisha, huwa na jumla ya fedha zilizopokelewa. Hiyo ndiyo tarakimu ambayo wengi huitazama kwanza, kwa sababu ni kubwa na inaongezeka kila mwezi. Tarakimu hiyo haisemi chochote kuhusu uhai wa bima.

Mstari wa kutazamwa ni ule unaoitwa "Paid to Date". Maneno hayo hutafsiriwa vibaya na wengi kuwa "kiasi kilicholipwa hadi leo". Katika taarifa za bima ya maisha, kwa kawaida yana maana ya tarehe: siku ambayo ada zilizokwisha kuingizwa kwenye mkataba zinafikia. Ikiwa mstari huo unasema 1 Mei 2025, maana yake ni kwamba bima imelipiwa hadi mwisho wa Aprili, na awamu inayotakiwa sasa ni ya tarehe 1 Mei. Baadhi ya kampuni huandika badala yake "Next Due Date", yaani tarehe ya awamu inayofuata. Siku inayotajwa ni ileile.

Kutoka tarehe hiyo ndiko siku za neema huanza kuhesabiwa. Siku za neema ni muda ambao kampuni inakubali kuendelea kubeba hatari ingawa awamu haijalipwa. Katika mikataba mingi ya bima ya maisha muda huo ni siku 30, ingawa kila mkataba una kifungu chake na hicho ndicho kinachotawala. Mtu akifariki ndani ya siku hizo, kampuni hulipa kiasi cha bima, ikikata tu ile awamu iliyokuwa haijalipwa. Akifariki baada ya siku hizo kwisha, mkataba umekwisha kukatika na kampuni haiwajibiki tena kulipa kiasi kamili.

Neema hiyo haianzi siku ambayo mteja alikumbushwa, wala siku aliyopata fedha, wala siku aliyoongea na wakala. Inaanza siku awamu ilipotakiwa. Ujumbe wa simu wa kukumbusha ukifika tarehe 20, siku 19 zimekwisha kutumika.

Mfano: shilingi 100 kila mwezi

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini kila hatua yake hufuata namna hesabu za bima zinavyofanywa. Mama mfanyabiashara wa vitenge alichukua bima ya elimu katika kampuni ya Kenya tarehe 1 Machi 2023, akiwa anaishi Busia upande wa Kenya. Ada yake ni shilingi 3,000 za Kenya kila tarehe 1 ya mwezi. Mkataba unampa siku 30 za neema, na unasema kwamba haujengi thamani yoyote ya kurejeshewa kabla ya ada za miaka 3 kulipwa.

Kwa miezi 26, kuanzia Machi 2023 hadi Aprili 2025, alilipa kwa ukamilifu kupitia laini yake ya simu ya Kenya. Jumla ni shilingi 78,000, na mstari wa "Paid to Date" ulikuwa 1 Mei 2025, kama inavyopaswa kuwa.

Mwezi huo wa Mei alihamishia duka lake Tororo. Akaanza kumkabidhi wakala wa kutuma pesa kiasi kilekile kwa shilingi za Uganda kila mwezi, ili kibadilishwe na kupelekwa kwenye akaunti ya kampuni nchini Kenya. Baada ya gharama za kubadilisha na kutuma, kilichofika kilikuwa shilingi 2,900 za Kenya. Alipokea ujumbe wa kuthibitisha kwamba fedha zimefika, naye akaridhika. Alifanya hivyo Mei, Juni, Julai na Agosti, kila mara tarehe 2.

Mwisho wa Agosti taarifa yake inaonyesha kwamba kampuni imepokea shilingi 89,600. Kiasi kilichotakiwa kwa miezi yote 30 ni shilingi 90,000. Kwa hesabu ya sokoni, anadaiwa shilingi 400 tu, na muuzaji yeyote wa vitenge angemwambia amalizie wiki ijayo. Lakini chini ya jina lake, kwenye mstari wa "Status", kumeandikwa neno "Lapsed". Bima imekatika, na ilikatika tangu mwisho wa Mei.

Ilikuwaje? Tarehe 2 Mei zilifika shilingi 2,900. Awamu ni shilingi 3,000, na katika mkataba huu nusu ya awamu, robo yake, au hata awamu iliyopungua kwa shilingi 100 si awamu. Mfumo wa hesabu wa kampuni haukuziingiza fedha hizo kwenye mkataba. Uliziweka kando katika akaunti ya muda ambayo taarifa huiita "Suspense". Huko zilikaa zikisubiri shilingi 100 zilizobaki. Siku za neema zikaendelea kuhesabiwa hadi 31 Mei, zikaisha. Tarehe 2 Juni zilipofika shilingi nyingine 2,900, tayari fedha zilizotosha awamu ya Mei zilikuwepo, lakini mkataba wa kuziingiza haukuwa hai tena. Kuanzia hapo kila alichotuma kilirundikana kando. Mwisho wa Agosti akaunti hiyo ya muda ilikuwa na shilingi 11,600, ambazo kampuni inazishika bila kubeba hatari yoyote kwa niaba yake.

Si kampuni zote zinazokaza kiasi hicho. Baadhi huvumilia upungufu mdogo na kuuhamishia awamu inayofuata. Nyingine hazivumilii. Mteja hawezi kujua ipi ni ipi kwa kusubiri. Anaweza kujua kwa kuuliza, au kwa kutazama kama mstari wa "Suspense" una kitu chochote zaidi ya sifuri. Sifuri ni habari njema. Tarakimu yoyote nyingine ina maana kwamba kuna fedha zake ambazo hazijafanya kazi aliyozituma kufanya.

Risiti mbili zisizofanana

Kosa lililomponza mama huyo ni kuchukua ujumbe wa kampuni ya simu kama stakabadhi ya bima. Ujumbe unaosema malipo yamethibitishwa unatoka kwa mwenye mtandao, na unachothibitisha ni kwamba fedha zimetoka kwa mtumaji na kuingia katika akaunti ya kampuni. Hauthibitishi kwamba kampuni imezihusisha na mkataba wake. Mtu akikosea tarakimu moja ya namba ya mkataba, fedha zitafika salama, ujumbe utarudi salama, na bima itakatika vilevile, kwa kuwa hakuna anayejua fedha hizo ni za nani.

Risiti ya pili, inayotoka kwa kampuni ya bima yenyewe, ndiyo inayotaja namba ya mkataba na mwezi uliolipiwa. Mwezi huo usipotajwa, au ukitajwa mwezi ambao si ule mteja aliokusudia, hapo ndipo pa kupiga simu, na siku hiyohiyo. Kampuni huingiza malipo kwenye deni la zamani kwanza. Mtu anayedhani analipia Agosti huenda analipia Julai, na hivyo anaishi daima ndani ya siku za neema bila kujua, akiwa mwezi mmoja tu mbali na kukatika.

Kwa wakaazi wa Busia na Tororo kuna hatari ya tatu inayotokana na mpaka wenyewe. Laini ya simu ya Kenya ikiachwa bila kutumika, namba ambayo kampuni inaijua haipokei tena ujumbe wa kukumbusha wala notisi ya kukatika. Mteja anayehamia upande wa pili hubadilisha duka, nyumba na laini, lakini mara nyingi husahau kubadilisha anwani kwenye mkataba. Kampuni ikituma notisi kwa anwani ya mwisho iliyopewa, itakuwa na hoja nzito kwamba imetimiza wajibu wake.

Baada ya kukatika, nini kinabaki?

Katika mfano huu kinabaki kidogo sana. Miaka 3 haikutimia, kwa hiyo mkataba haukuwa na thamani ya kurejesha, na zile shilingi 78,000 hazidaiwi tena. Shilingi 11,600 zilizokaa kando ni jambo tofauti. Hazikuwahi kuwa ada, kwa sababu kampuni yenyewe haikuziingiza, na mteja ana haki ya kuzidai zirudishwe ikiwa bima haitafufuliwa.

Lakini kudai fedha hizo kwanza kunaweza kuwa kosa. Njia bora kwa kawaida ni kufufua mkataba, jambo ambalo mikataba mingi ya maisha huruhusu ndani ya muda uliotajwa. Mteja hulipa awamu zote zilizopita pamoja na riba, na hutoa tamko jipya la afya. Mama huyu, mwisho wa Agosti, anahitajika kulipa awamu 4 za shilingi 3,000, yaani shilingi 12,000. Tayari zipo 11,600. Anachoongeza ni shilingi 400 na riba.

Ugumu uko kwenye tamko la afya. Ikiwa katika mwezi wa Julai aliambiwa hospitalini kwamba ana kisukari au shinikizo la damu, lazima aliseme hilo. Kampuni inaweza kumpandishia ada, inaweza kumwekea masharti, na inaweza kukataa kabisa. Akificha, atakuwa amefufua karatasi tu, kwa kuwa kampuni ikigundua wakati wa madai, uongo huo utatosha kuubatilisha mkataba. Mkataba uliofufuliwa huweza pia kuanza upya ile miezi ya mwanzo ambayo kampuni ina haki ya kuchunguza kila alilosema mteja. Hasara kubwa ya kukatika, basi, ni kwamba mtu aliyekubaliwa akiwa mzima anatakiwa kuomba tena akiwa pengine mgonjwa.

Hali hubadilika miaka inayotakiwa ikishatimia, ambayo katika mikataba mingi ni 3. Kuanzia hapo mkataba huwa na thamani ya kurejesha, na kukosa awamu hakuui kila kitu papo hapo. Mteja huweza kuchukua thamani hiyo na kuvunja mkataba. Huweza kuuacha uendelee kwa kiasi kidogo cha bima bila kulipa ada tena. Au kampuni, ikiwa mkataba unasema hivyo, huchukua ada kutoka katika thamani hiyo kama mkopo. Njia hii ya mwisho huonekana kwenye taarifa kwa maneno "Automatic Premium Loan". Mtu anayeona bima yake bado ni hai ingawa hajalipa kwa miezi 7 asifurahi kabla ya kuutafuta mstari huo. Bima inajila yenyewe, mkopo unazaa riba, na siku deni litakapolingana na thamani, mkataba utakatika bila kubakiza kitu.

Haki iliyotokana na vita

Wazo kwamba aliyelipa miaka kadhaa hapaswi kupoteza vyote kwa kukosa awamu moja halikuzaliwa na huruma ya kampuni. Nchini Marekani, msimamizi wa bima wa jimbo la Massachusetts, Elizur Wright, aliyekuwa mwanahisabati, alionyesha kwamba ada za miaka ya mwanzo huwa na ziada ambayo kampuni huiweka akiba kwa ajili ya miaka ya uzeeni, na kwamba akiba hiyo kwa haki ni ya mteja. Mwaka 1861 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuzuia kampuni kuitwaa yote.

Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza nchini humo, na wateja wa kusini hawakuweza tena kupeleka ada kwa kampuni za kaskazini. Mpaka wa vita ulikuwa umefungwa. Kesi ya kampuni ya New York Life dhidi ya Statham, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1876, ilihusu bima za aina hiyo za watu wa Mississippi. Majaji walisema mambo mawili ambayo bado yanaelezea bima ya maisha hadi leo. La kwanza, tarehe ya ada ndiyo kiini cha mkataba, na hata vita haviisimamishi: awamu isipolipwa siku yake, bima inakoma. La pili, si haki kampuni ibaki na thamani yote iliyokwisha kujengwa, kwa hiyo wateja walistahili kulipwa thamani hiyo.

Mpaka wa Busia na Malaba haujapitia vita vya namna hiyo, lakini umewahi kufungwa na kukwama. Mwezi Machi 2020 Uganda ilizuia abiria kuvuka kwa sababu ya Uviko-19, na katika miezi iliyofuata malori yalijipanga kwa kilomita nyingi yakisubiri majibu ya vipimo. Mwezi Januari 2022 foleni zilirudi kutokana na mvutano kuhusu vipimo hivyo na gharama zake. Mtu aliyezuiwa upande wa Tororo na awamu yake inatakiwa upande wa Kenya hakuwa na kifungu cha mpaka cha kujitetea. Siku zake za neema ziliendelea kwisha, isipokuwa kama kampuni yake ilikuwa imeamua yenyewe kuziongeza.

Gari na bodaboda: hakuna neema

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba siku 30 za bima ya maisha zinahusu pia bima ya gari. Hazihusu. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kinazuia kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada au kuhakikishiwa malipo yake. Uganda nayo hufuata kanuni ya kwamba bila ada hakuna bima. Bima ya gari hununuliwa kwa kipindi chenye mwanzo na mwisho, na kipindi hicho kikiisha, imeisha. Ni sawa na tiketi ya basi ya jana.

Hili linawagusa hasa waendesha bodaboda wa Busia wanaonunua bima ya mwezi mmoja mmoja. Akisahau kwa siku 2 na ajali itokee katika siku hizo 2, hakuna kampuni inayosimama nyuma yake, hata kama amelipa kila mwezi kwa miaka 5. Zaidi ya hayo, kuendesha chombo barabarani bila bima ya mtu wa tatu ni kosa la jinai katika nchi zote mbili.

Kwa malori na magari yanayovuka kuna Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Kenya na Uganda zote zinaitambua na ambayo hubeba dhamana ya mtu wa tatu katika nchi jirani. Kadi hiyo haijitegemei. Imepandikizwa juu ya bima ya nyumbani, na bima ya nyumbani ikiisha, kadi haina pa kusimama. Dereva anayekwama kwenye foleni ya Malaba hadi bima ya lori ipite tarehe yake ataingia Tororo na kadi mkononi lakini bila kinga.

Wapo wanaosema wao hulipa bima ya gari kwa awamu. Kwa kawaida, wanacholipa kwa awamu si bima bali mkopo: benki imelipa ada yote ya mwaka kwa kampuni, na wao wanairudishia benki. Wakikosa awamu, benki huwa na haki chini ya mkataba wa mkopo kuitaka kampuni ifute bima na kuirudishia sehemu iliyobaki ya ada. Hapo pia, anayetaka kujua kama ana siku za ziada lazima asome mkataba wa benki, kwa sababu wa bima hautamwambia.

Malalamiko yapelekwe wapi?

Msimamizi wa bima nchini Kenya anaitwa kwa Kiingereza Insurance Regulatory Authority, au IRA. Msimamizi wa Uganda anaitwa jina hilohilo, na kifupi chake ni hichohicho. Ni taasisi mbili zisizo na mamlaka juu ya kampuni za upande wa pili. Anuani ya mtandao ya ile ya Kenya ni ira.go.ke, na ya Uganda ni ira.go.ug. Mkaazi wa Tororo mwenye bima iliyotolewa na kampuni yenye leseni ya Kenya anapaswa kulalamika Kenya, hata kama aliuziwa na wakala aliyemfuata hadi sokoni Tororo. Barua ya kwanza huandikwa kwa kampuni yenyewe, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa huhifadhiwa, msimamizi ataiulizia.

Katika mfano wa mama wa vitenge, barua hiyo ina hoja moja yenye uzito. Kampuni ilipokea fedha zake mara 4 na kukaa nazo. Mahakama zinazofuata desturi ya sheria ya Kiingereza, kama za Kenya na Uganda, zimezoea hoja kwamba anayepokea malipo baada ya tarehe, huku akijua yamechelewa, na akayatumia kama ada, huenda ameiachilia haki yake ya kuukata mkataba. Kampuni itajibu kwamba haikuyatumia kama ada, bali iliyaweka kando. Ndipo maswali yanapokuwa mahususi: je, ilimwarifu kwamba yamewekwa kando? Lini, na kwa namba gani ya simu? Je, risiti zake zilitaja mwezi uliolipiwa? Ujumbe wa simu wa miezi hiyo 4, ambao wengi huufuta ili kupata nafasi, ndio ushahidi.

Lakini mama huyo asingehitaji barua yoyote kama katikati ya Mei angeomba taarifa na kuisoma kwa utaratibu huu: kwanza tarehe ya "Paid to Date", kisha kiasi cha "Suspense", kisha neno la "Status". Angeona 1 Mei badala ya 1 Juni, angeona shilingi 2,900 zimekaa peke yake, na angeona mkataba bado ni hai. Zingekuwa zimebaki takriban siku 15 za neema, na deni la shilingi 100.